Kiatu Kisirudi kwa Tatizo Lile Lile

Hapa Buguruni, Dar es Salaam, ukishuka kituoni na soli imeachia, hutembei mbali kabla hujaona mwavuli, benchi na mtu aliyeinama na sindano. Mafundi viatu tupo wengi. Mtaji wa kuanzia ni mdogo, kwa hiyo kila mwaka wanaongezeka. Lakini ukikaa nao utaona jambo moja: kuna wanaosubiri mpita njia, na kuna wenye foleni ya viatu vilivyofungwa kwenye mifuko, kila mfuko na jina lake. Wanatumia gundi ile ile, wanakaa barabara ile ile. Tofauti ni kwamba viatu vya yule wa pili vikitoka havirudi kwa tatizo lile lile.

Ufundi huu una mengi, ila nimechagua kueleza zaidi kazi moja, ya kurudishia soli iliyobanduka. Hiyo ndiyo kazi inayoletwa kuliko zote, ndiyo inayoharibiwa kuliko zote, na ndiyo inayomfanya mteja aamue kama wewe ni fundi wake au ni mtu aliyemwokoa siku ya mvua tu.

Vifaa kwanza, kwa haraka. Unahitaji chuma cha kupigia viatu, kile chenye umbo la mguu. Hicho nunua kizito hata kama ni mtumba, kwa sababu chepesi kinarukaruka na pigo linapotea. Unahitaji nyundo ya uso mpana, kisu chenye makali, koleo, sindano mbili tatu zenye ndoano kwenye ncha, uzi wa nailoni, kipande cha nta, msasa, gundi ya viatu ya kopo, thina, brashi na kiwi nyeusi na ya kahawia. Nilianza na kitu kama laki moja na ikatosha. Cherehani ya viatu ni nzuri, ila isikuzuie kuanza. Kazi nyingi za soli zinashonwa kwa mkono na zinakaa.

Sasa, kwa nini soli iliyobandikwa Jumatatu inafunguka Ijumaa? Wateja wengi wanadhani gundi ni feki. Mara chache ni hivyo. Mara nyingi gundi imeshika vizuri kabisa, ila imeshika kitu kisichofaa: vumbi, gundi kuukuu, au kiwi. Chunguza soli iliyoachia mara ya pili, utaiona sababu. Ukikuta tabaka la gundi limebaki zima upande wa soli na upande wa ngozi ni mtupu, unang'aa, basi ngozi haikusafishwa. Ukikuta gundi pande zote mbili, inavutika, basi ilifungwa kabla haijakauka, au soli yenyewe inaitoa gundi nguvu.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Soli si kitu kimoja. Kuna raba halisi, kuna plastiki laini ya viatu vya shule vya bei nafuu, kuna zile nyepesi za viatu vya michezo, na kuna soli zenye povu ndani. Gundi ya kopo ya njano inashika raba na ngozi vizuri. Kwenye plastiki laini inashika siku za mwanzo, halafu yale mafuta yanayotiwa kiwandani ili plastiki isikakamae yanatoka polepole na kuilainisha gundi. Unakuta baada ya muda imekuwa ute.

Nitajuaje ni ipi? Napasha ncha ya sindano kwenye moto wa kibiriti na kuigusisha ndani ya soli, mahali pasipoonekana. Plastiki inayeyuka na sindano inazama. Raba halisi haiyeyuki, inaungua kidogo na kuacha alama nyeusi kavu. Zile nyepesi sana za viatu vya michezo unazijua kwa uzito tu, na kipande chake ukikitia kwenye maji kinaelea. Kipimo hiki ni cha dakika moja na kinaamua kazi nzima. Nikiona sindano imezama, siitegemei gundi peke yake hata kidogo. Nabandika ili soli isicheze, lakini kinachobeba mzigo ni uzi. Kuna gundi nyingine nyeupe inayoonekana kama maziwa mepesi au ya maji angavu, inayotumika viwandani kwa plastiki, na ukiipata dukani Kariakoo ni nzuri. Ni ghali zaidi, na nyingi zinataka zipashwe moto kabla ya kufungwa, kwa hiyo muulize muuzaji maelekezo yake kabla hujaondoka.

Nichukue kiatu kimoja nikieleze chote. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea viatu vyeusi vya ngozi, soli ya raba. Cha kulia kilikuwa kimefungua mdomo mbele, upana wa vidole vitatu. Akasema, "Fundi, hiki kimeshabandikwa mara mbili. Mara hii kikifunguka nakitupa." Nikamwambia asitupe, ila aniachie hadi kesho. Akakunja uso kidogo, maana alizoea kusubiri hapo hapo huku amevaa kandambili za fundi. Nikamweleza kwamba gundi inaendelea kukaza baada ya kufungwa, na kumpa kiatu saa ile ile aende kukanyaga dimbwi ndiko kulikokirudisha mara mbili.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukifungua zaidi, si kukifunga. Niliingiza kisu butu kwenye ule mdomo nikaendelea hadi nilipokuta sehemu inayogoma. Pale pote ambapo soli iliachia bila nguvu palikuwa pameshakufa hata kama kwa nje palionekana pamefungwa. Ukibandika mdomo tu, ufa unahamia pembeni na mteja anasema umemharibia.

Ndani nilikuta matabaka ya gundi za zamani, moja juu ya jingine. Hayo yanakwanguliwa yote. Gundi mpya juu ya gundi iliyochoka itakuwa na nguvu ya ile iliyochoka. Baada ya kukwangua nilipiga msasa pande zote mbili, raba na ngozi, mpaka mng'ao ukaisha na nyuzinyuzi za ngozi zikasimama. Pembeni kabisa mwa ngozi, pale inapokutana na soli, nilikuta kiwi imeingia. Hapo ndipo penye adui mkubwa. Kiwi ni nta, na gundi haishiki nta. Zile sifongo za kung'arisha haraka ni mbaya zaidi, kwa sababu zina mafuta ya silikoni ambayo hata msasa hauyamalizi. Nilifuta kwa kitambaa chenye thina kidogo, nikageuza kitambaa, nikafuta tena, nikakiacha kipate hewa. Thina na gundi fanyia nje au penye upepo, mbali na jiko na sigara. Moshi wake unalevya na unaumiza kichwa, na hewa yake inashika moto kabla hujaona mwali.

Halafu gundi. Inapakwa pande zote mbili, nyembamba. Ngozi ni kavu na inakunywa, kwa hiyo upande wa ngozi nilipaka mara mbili: ya kwanza ikanywewa, nikangoja kama dakika kumi, nikapaka ya pili. Kisha nikangoja tena. Hapa ndipo uvumilivu unapoonekana, maana gundi ya aina hii haifungwi ikiwa mbichi. Inafungwa ikiwa imekauka juu. Nagusa kwa mgongo wa kidole: ikitoa uzi, bado. Ikigusika bila kunifuata kidole, tayari. Siku ya jua kali ni dakika kumi hadi kumi na tano. Siku za masika, hewa ikiwa na unyevu, inaweza kuwa nusu saa, na ukiharakisha unafungia unyevu ndani.

Ikishakuwa tayari, kopo la gundi na thina vikiwa mbali na hapo, naipitisha juu ya joto la jiko, kwa mbali, kiasi cha gundi kuamka tena na kuwa laini. Nikaanza kufunga kwenye ncha ya kidole gumba kwenda pembeni, polepole, kwa sababu zikishagusana hakuna kusogeza. Ukikosea ncha, soli inatoka upande. Baada ya hapo nikakivalisha kwenye chuma nikapiga nyundo eneo lote, hasa kingo. Mapigo mafupi na mazito yanafanya kazi kuliko kukalia kiatu au kukifunga kamba usiku kucha. Gundi hii inashika kwa nguvu ya mgandamizo, si kwa muda wa kubanwa.

Kesho yake asubuhi nilishona. Kabla ya kushona nachora mfereji kwa ncha ya kisu, kuzunguka chini ya soli, kina cha milimita mbili hivi, ili uzi ukae ndani. Uzi ukibaki juu unasagwa na lami, na mara ukikatika sehemu moja unaanza kulegea kote. Uzi naupitisha kwenye nta mara kadhaa. Nta inaufanya uteleze kwenye tundu, kisha inaziba tundu maji yasipite. Sindano inatoboa kutoka chini, inadaka uzi ndani ya kiatu, inautoa kama kitanzi, na mkia wa uzi wa nje unapitishwa kwenye kitanzi hicho. Navuta pande zote mbili kwa nguvu sawa ili fundo lizame katikati ya unene wa soli. Ukivuta upande mmoja zaidi, fundo linatokeza ndani na kumchoma mtu unyayo.

Kitu kingine cha kuangalia ni umbali wa tundu hadi tundu. Milimita sita hadi nane inatosha kwa kiatu cha mtu mzima. Vijana wanaojifunza wanapenda kushona karibukaribu wakiamini ndiyo imara. Ngozi yenye matundu yaliyobanana inachanika kwa kufuata mstari huohuo wa matundu, na hapo hakuna tena pa kushona.

Kazi ile nilimtoza mwalimu shilingi 7,000 kwa jozi nzima, kwa sababu niliona na cha kushoto kimeanza kuachia nikamwambia kabla ya kukigusa. Jirani yangu anabandika kwa 2,000. Vifaa vyangu kwenye jozi ile, yaani gundi, uzi, msasa na thina, havikuzidi 1,500, na mikono yangu ilikaa juu yake kama saa moja, ukitoa muda wa kungoja. Wakati gundi inakauka nilikuwa nafanya kazi nyingine. Hapo ndipo faida ilipo: kupanga viatu vitatu vinne viwe vinakauka kwa zamu, si kukimbiza kimoja.

Kuna kazi nisiyoipokea, na naisema wazi kwa sababu imenipa wateja kuliko bango lolote. Ni viatu vyenye soli ya povu ambavyo vimekaa kabatini miaka. Mtu anakuja navyo, juu vinang'aa kama vipya, anasema alivivaa harusini tu. Soli hiyo unyevu wa hewa unaivunja taratibu kwa ndani, hata bila kuvaliwa, na joto la pwani linaharakisha. Ukiibonyeza kwa ukucha inabaki na shimo au inamong'onyoka kama makombo ya mkate. Hakuna gundi ya kushika makombo. Namwonyesha mteja kwa ukucha huohuo, aone mwenyewe. Kisha namwambia njia iliyobaki: kuing'oa yote na kuweka soli mpya ya raba, kama sehemu ya juu ina thamani ya gharama hiyo. Wengine wanakubali. Wengine wanaondoka na viatu vyao, na wiki inayofuata wanarudi na vingine, kwa sababu sikuchukua hela yao bure.

Mikoba na mabegi ndiyo yanayojaza siku zisizo na viatu. Nitagusa jambo moja tu, zipu. Begi linaletwa na mtu anasema, "Fundi, weka zipu mpya." Mara nyingi meno ni mazima. Kilichochoka ni kichwa cha zipu: kimetanuka, kinapita lakini meno yanabaki wazi nyuma yake. Dalili ni hiyo, kichwa kinatembea vizuri na zipu haifungi. Kama meno yameng'oka au yamepinda, au kitambaa cha zipu kimechanika, hapo ndipo zipu nzima inabadilishwa.

Kukibana kichwa kwa koleo, kidogo kidogo pande zote mbili upande wa nyuma, kunasaidia kwa muda, na kwa mtu anayesafiri jioni hiyo inafaa. Lakini mwambie ni ya muda. Kazi ya kudumu ni kubadilisha kichwa. Geuza kichwa cha zamani, mgongoni utakuta namba, kwa kawaida 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo inakaribiana na upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Cha namba 5 hakikai kwenye zipu ya 8. Tena angalia aina, maana kichwa cha meno ya chuma hakiendi kwenye zipu ya nailoni iliyosokotwa hata kama namba ni moja. Unafumua mshono wa mwisho wa zipu, unatoa kichwa kibovu, unaingiza kipya meno ya pande zote mbili yakiwa sawasawa, unashona tena mwisho ili kisitoke. Kopo dogo lenye vichwa mchanganyiko linatosha mabegi mengi, na mteja aliyejiandaa kulipia zipu nzima anapolipa kichwa tu, anakumbuka.

Nirudi kwa viatu, upande wa matunzo, kwa sababu mteja wa kudumu si lazima aje kiatu kikiharibika. Wengi wangu wanakuja kupiga kiwi, na hapo ndipo naona tatizo mapema. Kiatu cha ngozi kilicholowa kinajazwa magazeti, kinawekwa kivulini penye upepo, na magazeti yanabadilishwa yakishalowa. Kisiwekwe juani wala karibu na jiko. Ngozi ikiwa na maji inajikunja kwa joto dogo kuliko ikiwa kavu, na ikishajikunja hairudi. Fangasi mweupe anayetokea kwenye viatu vilivyofungiwa kabatini, jambo la kawaida kwetu pwani, anafutwa nje ya nyumba kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kiatu kinakaushwa, ndipo kinapakwa kiwi. Ukimpaka kiwi juu yake, unamfunika tu. Na mafuta ya kula yasipakwe kwenye ngozi. Yanang'aa siku moja, yanavuta vumbi, na siku soli ikiachia yananisumbua mimi kwa sababu gundi haishiki.

Kuhusu kuwashika wateja, nina daftari. Kila kazi naandika jina, namba ya simu, kazi iliyofanywa, aina ya soli na bei tuliyokubaliana. Kiatu kinafungiwa kipande cha boksi chenye namba, na mteja anapewa kipande kingine chenye namba hiyohiyo. Bei naitaja kabla ya kisu kugusa kiatu, na nikigundua tatizo jingine ndani napiga simu kabla ya kuendelea. Kazi inayohitaji soli mpya au zipu ya kununua naomba nusu mbele, kwa sababu viatu visivyochukuliwa ni mtaji uliolala. Nikisema kesho saa tisa, kiatu kipo tayari saa tisa. Nikiona mvua imezuia gundi kukauka, napiga simu asubuhi, simngojei afike.

Nimegundua pia kwamba mteja mmoja wa ofisini ana thamani ya wapita njia kumi, kwa sababu anakuja na wenzake. Yule mwalimu alipoona kiatu chake kimevuka masika, aliniita shuleni. Sasa kila Ijumaa mchana napita kwenye chumba cha walimu na mfuko mkubwa, nakusanya, narudisha Jumatatu kabla ya kengele. Mwisho wa wiki ndiyo muda ambao gundi inapata nafasi ya kukaza bila mtu kuhitaji kiatu. Utaratibu huo huo unafaa kwa walinzi, kwa wahudumu wa hoteli na kwa mtu yeyote anayesimama kazini na kulazimika kuvaa viatu vya aina moja. Waulize mabosi wao, usiwafuate mmoja mmoja.

Msimu nao unahesabiwa. Machi hadi Mei ni soli zilizolowa. Siku za mwisho za Ramadhani ni kung'arisha na kubadilisha visigino vya kinamama. Januari, shule zikifunguliwa, ni viatu vyeusi na mikanda ya mabegi kwa wakati mmoja, na hapo foleni inakuwa ndefu kupita uwezo wa mikono miwili. Kwa hiyo katikati ya Desemba nafungua daftari na kuwatumia wazazi ujumbe mfupi: "Shikamoo mama, viatu na begi la mtoto vikaguliwe mapema, ukileta kabla ya Krismasi vitakuwa tayari wiki hiyohiyo." Wengi wanaleta, na mikanda ya mabegi naikagua kwa kuivuta palepale mbele yao. Ikichanika pale iliposhonwa, tatizo ni kitambaa kilichotobolewatobolewa, si uzi, kwa hiyo naweka kiraka cha ngozi au turubai kwa ndani kwanza, ndipo nashona mraba wenye msalaba katikati.